Parasetamoli Moja, Halijoto Mbili za Kuyeyuka

Chukua unga wa parasetamoli safi, dawa ileile ya homa na maumivu inayouzwa katika kila duka la dawa. Uweke kwenye kisahani kidogo cha maabara, ufunike, kisha upashe taratibu. Halijoto ikifika karibu nyuzi 169 za Selsiasi, unga huyeyuka. Yapoze majimaji hayo mpaka chini ya nyuzi sifuri, kisha pasha kisahani kilekile tena bila kukifungua. Safari hii dawa itayeyuka kwenye nyuzi 157.

Hakuna kilichoongezwa wala kilichotolewa, na dawa haikuungua. Hata hivyo kuna pengo la nyuzi 12, na kwa mtu anayekagua ubora wa dawa, pengo hilo linatosha kuufanya mzigo mzima utiliwe shaka. Shuleni tulifundishwa kwamba kitu safi kina kiwango kimoja cha kuyeyuka. Parasetamoli inatuonyesha kwamba somo lile lina nusu ya pili, na nusu hiyo husomeka vizuri zaidi kwenye mchoro wa mashine iitwayo kalorimita tofautishi, ambayo maabara nyingi huitaja kwa herufi tatu tu: DSC.

Mashine hiyo ilibuniwa mwaka 1962 na Emmett Watson na Michael O'Neill wa kampuni ya Marekani ya Perkin-Elmer. Tangu wakati huo imepungua ukubwa na kupata kompyuta, lakini wazo lake ni lilelile. Ndani ya tanuri dogo kuna visahani viwili vya alumini, kila kimoja na upana usiofikia sentimita moja. Kimoja kina sampuli, kingine ni kitupu. Vyote viwili hupashwa pamoja kwa mwendo mmoja, na chini ya kila kimoja kuna kihisi cha halijoto. Mashine haiulizi sampuli ina joto kiasi gani kwa jumla. Inauliza swali jembamba zaidi: kwa dakika hii, sampuli inameza joto kiasi gani zaidi ya kisahani kitupu, au inatoa kiasi gani? Jibu huchorwa kama mstari. Upande wa chini wa mchoro kuna halijoto, na upande wa kushoto kuna mtiririko wa joto kwa miliwati.

Kabla ya kusoma mchoro wowote, angalia kwanza umechorwa kuelekea wapi. Baadhi ya mashine huonyesha joto linaloingia kwenye sampuli kama kilima, nyingine huonyesha kama shimo. Mashine nzuri huandika pembeni, kwa mshale, upande upi ni wa kutoa joto. Mtu asiyeutazama mshale huo anaweza kuita kuganda kuyeyuka, na asigundue kosa lake hata akirudia kipimo mara kumi. Katika makala haya joto linaloingia litakuwa kilima.

Maandalizi ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya kompyuta. Kwa parasetamoli, miligramu 5 zinatosha, nazo ni punje chache za unga kwenye ncha ya kijiko chembamba. Unga utandazwe sakafuni mwa kisahani, usirundikwe, kwa sababu kila punje inapaswa kugusa alumini. Kisha mfuniko hubanwa kwa kifaa maalumu. Kitako cha kisahani kikipinda wakati wa kubana, hakitakaa sawasawa juu ya kihisi, joto litachelewa kupita, na vilele vyote vitasogea na kutanuka. Gesi ya nitrojeni hupitishwa taratibu ndani ya tanuri ili oksijeni isiichome sampuli. Kisahani kikiwa tayari hupimwa uzito, na namba hiyo huandikwa, kwa sababu tutaihitaji tena mwishoni.

Mashine yenyewe lazima iaminike. Kwa hiyo kwanza hupewa kipande cha indiamu, metali laini inayoyeyuka kwenye nyuzi 156.6 na kumeza karibu jouli 28.5 kwa kila gramu. Namba hizo mbili zinajulikana dunia nzima. Mashine ikisema indiamu imeyeyuka kwenye nyuzi 158, kosa ni la mashine, nalo hurekebishwa kabla dawa yoyote haijaingia. Kwa bahati njema indiamu inayeyuka karibu kabisa na pale tunapoitarajia parasetamoli, na marekebisho huwa ya kuaminika zaidi yanapofanywa jirani na eneo la kazi.

Sasa tupashe. Tanuri linapanda nyuzi 10 kila dakika kuanzia nyuzi 25 mpaka 180. Mwanzoni mstari unajipinda kidogo, kwa sababu visahani viwili havina uzito sawa na kila kimoja kinachukua muda wake kushika mwendo. Mkunjo huo hauna habari yoyote kuhusu dawa. Baada ya hapo mstari unatulia na kwenda karibu sawa, ukipanda polepole sana, kwa zaidi ya nyuzi 100. Utulivu huo nao ni jibu. Kama unga ungekuwa na maji, tungeona mwinuko mpana kati ya nyuzi 60 na 120 maji yakitoka. Tukikaribia nyuzi 169, mstari unapinda ghafla na kupanda karibu wima, unafika kileleni, kisha unarudi chini ulipokuwa.

Wengi husoma kilele na kukiita halijoto ya kuyeyuka. Kwa kitu safi chenye molekuli ndogo, hapo wanakosea, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole. Fuwele ni molekuli zilizojipanga kwa safu kama waumini kwenye swala, kila mmoja na mahali pake. Kuzivunja safu hizo kunahitaji joto, na joto lote linaloingia hutumika kuvunja badala ya kupandisha halijoto. Kwa hiyo fuwele zikianza kuyeyuka, sampuli hubaki palepale kwenye nyuzi 169 huku tanuri likiendelea kupanda. Tofauti kati ya sampuli na kisahani kitupu huongezeka kwa kiasi kilekile kila sekunde, na ndiyo maana ubavu wa mbele wa kilima unanyooka. Fuwele ya mwisho ikiyeyuka, sampuli inabaki nyuma ya tanuri na inakimbia kulifikia, na mstari unashuka. Kilele basi kinaonyesha wakati ambapo kuyeyuka kunakaribia kwisha, na wakati huo unategemea umeweka unga kiasi gani. Ukiweka miligramu 10 badala ya 5, kilele kitasogea mbele, lakini mwanzo hautatikisika.

Kwa hiyo tunachora mistari miwili. Mmoja unaendeleza mstari wa msingi, ule uliotulia kabla ya kilima. Mwingine unafuata ubavu wa mbele pale ulipo mkali zaidi, na kushuka nao. Vinapokutana ndipo kuyeyuka kulipoanza, na kwa parasetamoli safi tunapata karibu nyuzi 169. Ubavu huo una siri nyingine pia. Uchafu ukichanganyika na dawa, safu za fuwele huanza kuvunjika mapema, kidogo kidogo, na ubavu hupoteza unyoofu wake. Unaanza kwa mteremko mrefu wa upole, na kilima kizima kinasogea kushoto. Mtu mwenye uzoefu huutazama ubavu kabla ya kusoma namba yoyote.

Kwa polima hali ni tofauti. Plastiki ya chupa ya maji, ile iitwayo PET, huyeyuka karibu nyuzi 250, lakini kilima chake hutanda kwa makumi ya nyuzi. Minyororo yake mirefu hujikunja kuwa fuwele nyembamba na nene kwa pamoja, nyembamba zikiyeyuka mapema na nene baadaye. Hakuna mwanzo mmoja wa kuaminika, na ndiyo maana kwa polima huandikwa kilele. Anayelinganisha mwanzo wa dawa na kilele cha plastiki analinganisha vitu viwili tofauti.

Kuna kitu cha pili cha kusoma kwenye kilima, nacho ni eneo lake. Tukiunganisha mguu wa kushoto na wa kulia kwa mstari ulionyooka, eneo lililo juu ya mstari huo ni joto lote lililoingia kuyeyusha sampuli. Kwa miligramu 5 za parasetamoli tunapata karibu milijouli 900, yaani jouli 180 kwa gramu. Namba hii ni shahidi huru wa ile ya kwanza. Kama halijoto ni sahihi lakini eneo ni nusu tu, huenda nusu ya kile kilichomo kisahanini si parasetamoli, au uzito uliandikwa vibaya.

Hapo wengi huzima mashine, lakini tuendelee. Tukiwa bado kwenye nyuzi 180, ambako dawa ni majimaji na haijaanza kuharibika kwa kiasi cha kutusumbua, tunashusha halijoto haraka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Tunatazama mstari tukitarajia kilima cha kugeuka, cha joto kutoka, pale dawa itakapoganda. Tunapita nyuzi 169, kisha 150, kisha 100, na hakuna kilima. Mstari unateremka kimya.

Kimya hicho kina maana kwamba molekuli hazikuwahi kujipanga. Majimaji yalizidi kuwa mazito kadiri yalivyopoa, mpaka molekuli zikashindwa kusogea, nazo zikakwama pale zilipo, katika vurugu ileile ya majimaji. Kitu kigumu cha namna hii ndicho wanasayansi hukiita kioo, na kioo cha dirisha ni mmoja tu wa jamaa zake. Kisahani chetu sasa kina kioo cha parasetamoli.

Tunaanza kupasha mara ya pili, tena nyuzi 10 kwa dakika. Karibu na nyuzi 24 kunatokea jambo dogo sana, na ni rahisi kulipita bila kuliona. Mstari unapanda ngazi moja, kisha unaendelea kwenda sawa ukiwa juu kidogo ya ulipokuwa. Haurudi chini. Hiyo ngazi ni mpito wa kioo.

Tofauti kati ya ngazi na kilima ndiyo kiini cha usomaji wote. Kilima kinasema kwamba joto fulani lilimezwa kufanya kazi maalumu, na kazi ikaisha. Ngazi inasema jambo lingine. Chini ya nyuzi 24 molekuli zimekwama na zinatetemeka tu zilipo. Juu ya nyuzi hizo zinaanza kuzunguka na kupishana, na kitu chenye molekuli zinazotembea kinahitaji joto zaidi kwa kila nyuzi moja inayopanda. Hakuna safu zilizovunjwa, kwa sababu hazikuwepo, kwa hiyo hakuna eneo la kupima. Kilichobadilika ni mahitaji ya kila nyuzi inayofuata, na mahitaji hayo yanabaki juu.

Hesabu itaonyesha kwa nini ngazi hupotea machoni. Kwa parasetamoli, mahitaji hayo huongezeka karibu jouli 0.65 kwa gramu kwa kila nyuzi. Zidisha kwa miligramu 5, kisha kwa nyuzi 10 kwa dakika, utapata karibu nusu miliwati. Kilima cha kuyeyuka kilikuwa na urefu wa makumi ya miliwati. Ukiutazama mchoro wote kwenye skrini moja, ngazi ni mkwaruzo mdogo tu, na mtu mwenye haraka ataandika kwamba hakuna kitu. Lazima uvute karibu eneo hilo peke yake. Ukitaka ngazi kubwa zaidi, weka sampuli nyingi zaidi au pandisha halijoto kwa kasi. Kwa nyuzi 20 kwa dakika, nusu miliwati inakuwa miliwati moja. Kwa kuyeyuka ushauri ni kinyume chake: sampuli kidogo na mwendo wa pole, ili vilele vilivyo jirani visimezane. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kupima kila kitu kwa mpangilio mmoja wa mashine na kuamini kwamba kazi imekwisha.

Ngazi husomwa katikati yake. Huchorwa mstari wa kabla na mstari wa baada, na pale mchoro unapofika nusu ya njia kati ya mistari hiyo ndipo huandikwa halijoto ya mpito. Lakini namba hiyo, tofauti na ya kuyeyuka, haina uhalisi uliosimama peke yake. Ukipasha kwa kasi zaidi, molekuli hazipati muda wa kuitikia na ngazi inasogea juu kwa nyuzi chache. Kwa hiyo taarifa inayosema mpito wa kioo ni nyuzi 24 bila kutaja mwendo wa kupasha haijakamilika.

Maji nayo yana nguvu kubwa hapa. Molekuli ndogo za maji hujipenyeza kati ya molekuli za dawa au minyororo ya polima na kuzirahisishia kupishana, na unyevu kidogo tu unaweza kushusha ngazi kwa makumi ya nyuzi. Katika mji wa pwani, sampuli iliyoachwa wazi mezani asubuhi inaweza kutoa jibu tofauti kabisa na ileile iliyohifadhiwa ndani ya chupa yenye kikausha unyevu.

Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Kioo kilichokaa muda mrefu, wiki au miezi, chini kidogo ya mpito wake huendelea kutulia na kubanana polepole. Kikija kupashwa, kinadai joto la ziada mara moja ili kuamka, na juu ya ngazi huota kilima kidogo. Kwa macho, kinafanana na kuyeyuka. Njia ya kukitambua ni kupasha mpaka nyuzi chache juu ya ngazi, kupoza, kisha kupasha tena. Kilima cha uzee hutoweka kwenye duru ya pili na ngazi hubaki peke yake. Kinyume chake, fuwele iliyoyeyuka kweli haiachi ngazi mahali palepale.

Turudi kwenye kisahani chetu. Juu ya nyuzi 24 kilichomo ni majimaji mazito sana, na molekuli zake sasa zinaweza kutembea. Kati ya nyuzi 70 na 90 zinapata nafasi ya kufanya kile zilichoshindwa wakati wa kupoa. Mstari unashuka ghafla chini ya msingi, yaani joto linatoka: dawa inajipanga kuwa fuwele huku ikipashwa. Wengine huona ajabu kwamba kitu kinaganda kikiwa kinapashwa, lakini ukikumbuka kwamba tatizo lilikuwa kukwama, mambo yananyooka. Mahali hasa panapotokea kuganda huku hubadilika kutoka kisahani hadi kisahani, kwa sababu fuwele ya kwanza huzaliwa kwa bahati, mara nyingi kwenye mkwaruzo wa alumini. Tukiendelea, mara nyingi kati ya nyuzi 120 na 130 kunatokea alama ndogo: fuwele zilizozaliwa kwa haraka zinajipanga upya katika umbo lililo tulivu zaidi. Hatimaye, kwenye nyuzi 157, kinakuja kilima kikubwa cha kuyeyuka.

Hapa ndipo pengo la nyuzi 12 linapata maelezo. Molekuli ya parasetamoli ni ileile, lakini inaweza kupangwa kwa zaidi ya namna moja. Unga wa dukani ni umbo la kwanza, ambalo ndilo tulivu kuliko yote, na linayeyuka kwenye nyuzi 169. Fuwele zilizozaliwa kutoka kwenye kioo ni za umbo la pili, ambalo safu zake hazijashikana kwa uimara uleule. Kisahani kina historia, na mashine imeisoma historia hiyo.

Lakini mkaguzi makini hapaswi kukubali maelezo haya kwa sababu tu yanavutia. Dawa iliyoharibika kwa joto pia huyeyuka mapema. Atajuaje? Kwanza arudishe kisahani kwenye mizani. Uzito ukiwa uleule ulioandikwa mwanzoni, hakuna kitu kilichogeuka gesi kikatoroka. Kisha atazame ubavu wa kilima cha nyuzi 157. Dawa iliyochafuliwa na mabaki ya kuungua hutoa ubavu uliolala. Umbo la pili likiwa safi hutoa ubavu mkali, na eneo lake halipishani sana na lile la mwanzo. Ushahidi wa mwisho ni wa moja kwa moja zaidi. Ayeyushe yaliyomo, ayapoze mpaka karibu nyuzi 120, na kabla hayajaganda adondoshee humo punje moja ya unga wa asili. Fuwele mpya hufuata mpangilio wa punje iliyozianzisha. Akipasha tena na kukuta kuyeyuka kumerudi kwenye nyuzi 169, dawa ilikuwa nzima muda wote.

Wakati mwingine vilima huonekana viwili, kidogo kwenye 157 na kingine kwenye 169, kwa sababu sehemu ya umbo la pili iligeuka kuwa la kwanza njiani. Mtu asiyejua atasema dawa mbili zimechanganywa.

Kiwandani, tofauti hii ya maumbo si jambo la vitabuni. Umbo la pili lina molekuli zilizopangwa kwa tabaka bapa zinazoteleza moja juu ya nyingine, kwa hiyo hushindiliwa vizuri kuwa kidonge. Umbo la kwanza ni gumu na hukataa kushikana, na watengenezaji hulazimika kuongeza vigandishi. Hata hivyo la kwanza ndilo linalotumika, kwa sababu halitageuka kuwa kitu kingine likiwa ghalani.

Kuna dawa iliyogeuka, na habari yake iliwagusa watu wengi. Ritonaviri, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, iliingia sokoni mwaka 1996 ikiwa kwenye vidonge vya ganda. Mwaka 1998 likajitokeza umbo jipya la fuwele ambalo halikujulikana kabla, tulivu zaidi na gumu zaidi kuyeyuka katika kimiminika. Vidonge vikashindwa majaribio ya kuyeyuka na vikaondolewa sokoni kwa muda, mpaka ukatengenezwa muundo mwingine uliohitaji jokofu. Kwa mgonjwa wa kijijini asiye na umeme, dawa ya jokofu ni sawa na dawa isiyokuwepo.

Suluhisho lilikuja kwa njia ya kioo. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha kidonge cha lopinaviri na ritonaviri kisichohitaji jokofu. Ndani yake dawa hazikuachwa ziwe fuwele. Ziliyeyushwa pamoja na polima iitwayo kopovidoni na kukamuliwa zikiwa moto, kisha zikapoa na kuwa kioo kimoja. Ritonaviri peke yake ikiwa kioo hupata mpito karibu nyuzi 50, ambazo hazitoshi kwa ghala lenye joto, kwa sababu molekuli huanza kujongea kabla ya kufika hapo. Wataalamu wengi hupenda kuhifadhi kioo cha dawa nyuzi 50 chini ya mpito wake. Linganisha na kioo chetu cha parasetamoli: mpito wake wa nyuzi 24 uko chini ya joto la kawaida la chumba cha Dar es Salaam au Mombasa, na kingegeuka uji na kuganda kabla hakijafika kwa mnunuzi. Kopovidoni ina mpito wa zaidi ya nyuzi 100. Vikichanganyika barabara, mpito wa mchanganyiko huwa katikati, na polima humzuia mwenzake asitembee.

Mashine yetu ndiyo hutoa hukumu juu ya mchanganyiko kama huo, na sasa msomaji anaweza kuisoma. Ngazi moja, mahali fulani kati ya mpito wa dawa na mpito wa polima, inaonyesha kwamba vitu viwili vimekuwa kimoja. Ngazi mbili zinaonyesha kwamba vimeanza kutengana, kila kimoja kikitembea kwa sheria yake. Kilima kwenye halijoto ya kuyeyuka kwa dawa kinaonyesha kwamba fuwele zimerudi.

Kukosekana kwa kilima, hata hivyo, ni ushahidi dhaifu kuliko unavyodhaniwa. Polima ikishavuka mpito wake inakuwa laini, na fuwele za dawa zilizokuwepo zinaweza kuzama na kuyeyuka ndani yake polepole kabla halijoto ya kuyeyuka haijafika. Mchoro utakuwa safi, ilhali kidonge kilipoingia kwenye tanuri kilikuwa na fuwele. Ngazi moja nayo ina mipaka yake, kwa kuwa vipande vya dawa vilivyotengana vikiwa vidogo sana, vya makumi machache ya nanomita, mashine haivioni kama vitu viwili. Kwa sababu hiyo maabara makini hupasha sampuli nyingine kwa kasi zaidi, ili fuwele zisipate muda wa kuzama, na kidonge cha toleo lilelile, ambacho hakijapashwa, hukipiga miale ya eksirei. Miale hiyo huzitambua fuwele bila kuzipasha, na ikionyesha mistari mikali pale ambapo mchoro wa joto haukuwa na kilima, inayoaminiwa ni miale.